Mama Mmoja Aliyekaa Kwenye Nyasi

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimezaliwa Kaagya kwenye nyumba ya nyasi, nikasoma mpaka darasa la tatu, nikabeba magunia ya kahawa bandarini Bukoba mpaka mabega yakaota sugu kama kwato. Nimeona wenye maduka wakubwa wakifunga milango na kuondoka, na nimeona waliokuwa wakiwafagilia wakikaa kwenye viti vyao. Leo nina karakana Miembeni, palepale mjini Bukoba, nina mafundi, na mtu akitaka sanduku la bati lisiloingiza maji, kutoka Rubafu mpaka Muleba, ataelekezwa kwangu. Watu husema nimejijenga mwenyewe. Mimi sijawahi kuwakatalia.

Lakini kuna mtu mmoja aliyejua nilijengwa na nini, naye ni dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alipofariki mimi nilikuwa bado nafukuzana na kuku, yeye alikuwa binti wa kuchota maji na kuvuna ndizi. Alipoolewa, baba akapokea mahari, na kabla baba naye hajafa akanipa ile fedha yote mkononi. "Wewe huna shule," akaniambia, "nunua mikono mingine." Nikanunua mkasi wa bati, nyundo mbili, na vifaa vya kulehemu. Hiyo ndiyo mikono mingine. Kila sanduku nililolikunja maishani mwangu lilianzia kwenye mahari ya dada.

Aliolewa palepale Kaagya, kwa mwanamume mwenye kibanja kizuri cha migomba, kahawa nyingi na maneno machache. Hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kuchukua. Kahawa ni ya mwanamume, hilo halina ubishi kwetu, na ndizi ni za mwanamume. Cha mwanamke ni kile anachokilima kwenye nyika ya nje, kule rweya, ambako ardhi ni ya majani matupu: njugu mawe, karanga, vitu vya kujaza kikapu. Hata hicho shemeji alikuwa akikifuata kwa macho mpaka kinapouzwa. Ndipo dada akaanza kuficha. Senti za njugu alikuwa akizifunga kwenye kitambaa na kuzizika ndani ya chungu cha mbegu, katikati ya njugu zenyewe, jikoni, mahali ambapo mwanamume hatii mkono. Alikuwa na binti aliyekuwa anaongoza darasani. Baba mtu alikwisha sema darasa la nne linamtosha. Dada alikuwa akikusanya ili mtoto aendelee, na aliniambia mimi peke yangu.

"Nikifa," akasema akicheka, "usilie kwanza. Kimbilia chungu."

Nilikuwa nikienda kwake kila mwezi nakaa jikoni, napigwa moshi machoni, nakula ndizi kwa njugu. Mwanamume wa kwetu haingii jiko la mwanamke mwingine. Jiko la dada yako unaingia. Shika hilo.

Sasa nije kwenye masanduku.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa. Shule moja ya bweni iliniagiza masanduku mengi, nikanunua bati kwa kila nilichokuwa nacho, nikakunja, nikapaka rangi ya kijani na kuchora ua jekundu kwenye mfuniko. Siku ya kuyapeleka nikaambiwa mkuu mpya ameamua kuchukua ya ushirika. Nikarudi nayo yote. Yakajaa karakana, yakajaa chumba cha kulala, nikawa naruka masanduku kwenda kitandani. Na mvua za kwetu unazijua: bati lililokaa ovyo linaota kutu likiwa linakutazama.

Palikuwa na kijana wa Kihindi pale Miembeni, mtoto wa muuza vitambaa, aliyekuwa na gari la sinema. Alizunguka nalo vijijini: jenereta, shuka kubwa jeupe, projekta. Watu walikaa kwenye nyasi za uwanja wa mpira wakitazama bure, kwa sababu wenye sabuni na wenye majani ya chai ndio waliolipa. Gurudumu moja la filamu likiisha, kabla ya kufungwa la pili, kilikuwa kinawekwa kioo chenye picha ya bidhaa, na mtangazaji anasema kwenye kipaza sauti. Muda wenyewe ni ule wa kubadilisha gurudumu tu. Ukizidisha, filamu inaanza na watu wanakuzomea.

Mtangazaji wake alikuwa mtu aliyeachia njiani masomo ya upadri, mwembamba, mwenye sauti ya kumtoa nyoka shimoni. Maneno ya matangazo alikuwa akiyaandika yeye mwenyewe. Mimi nilikwenda na yangu tayari. Niliyasema kwa kichwa, maana hotuba za wakati ule kila mtu alizijua:

"Ndugu wananchi, wakulima na wafanyakazi, wazee kwa vijana, akina baba na akina mama, nunueni sanduku imara kwa maendeleo ya taifa!"

Akanitazama. "Waitu," akasema, maana alikuwa na heshima hata akikutukana, "hilo sanduku unamuuzia nani?"

"Wote."

"Wote ni nani?"

"Wote ni wote! Nani hana nguo?"

"Basi tutasema hivyo hivyo. Fedha ni yako."

Tukaenda kuyasema Rubafu. Picha ya sanduku langu ikatokea kwenye shuka, kubwa kama nyumba, ua jekundu kama gurudumu la lori. Watu wakapiga makofi, wazee wakaitikia "Uhuru!" kama wako mkutanoni. Kesho yake nilikaa na masanduku sokoni Rubafu kutwa nzima. Mzee mmoja akaja kukalia moja, akapumzika, akashukuru, akaenda zake.

Nilirudi Miembeni nikiwa nimewaka. Mtangazaji alikuwa anakunywa chai kwenye ngazi ya gari la sinema, akanisogezea kikombe.

"Nikuulize tena?" akasema. "Safari hii usinijibu wote. Wale waliokaa kwenye nyasi, mchague mmoja. Mmoja tu. Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume ndiye mwenye fedha."

"Mwanamume wa Rubafu nguo zake ngapi?"

Nikafikiri. "Shati la kanisani na kanzu. Vinaning'inia kwenye msumari."

"Na msumari unamtosha. Huyo humuuzii kitu. Nani nguo zake msumari haumtoshi?"

"Mwanamke."

"Wanawake ni wengi. Huyu wako ana umri gani?"

Hapo nikaanza kucheka. Nilimwambia kazi hii ni ya watoto, kupanga mtu asiyekuwepo. Hakucheka. Aliendelea kuniuliza kama padri kwenye kitubio. Kaolewa muda gani? Nguo zake anaziweka wapi? Zikiwekwa hapo zinapatwa na nini? Ana kitu gani asichotaka kishikwe? Fedha yake inatoka wapi, na anaipata lini? Nani yuko karibu naye siku hiyo? Na mimi, sijui ilikuwaje, majibu yakawa yananitoka. Ana watoto watano. Khanga zake zinakaa kwenye kamba juu ya moto, zinanuka moshi mpaka kanisani. Moja, ile ya bluu, iliungua pembeni akashona kiraka cheupe. Panya wanakula pindo. Fedha anayo kidogo, ya njugu, baada ya mavuno, na inabidi aifiche. Hajawahi kuwa na kitu chenye kufuli tangu azaliwe.

Mtangazaji akaweka kikombe chini. "Huyo yupo," akasema. "Huyo namwona. Sasa ngoja."

Akaandika akiwa amesimama, karatasi kaiweka juu ya boneti. Akanisomea:

"Mama, nguo zako zimelala wapi leo? Zikilala juu ya moto, kesho kanisani utanukia moshi. Zikilala chini, panya watavaa kabla yako. Sanduku hili lina kufuli moja na ufunguo mmoja. Ufunguo huo ni wako."

Basi. Hayo tu. Nikamwuliza, "Na watoto watano? Na kiraka? Na njugu? Mbona vyote nilivyokupa umevitupa?"

"Sijatupa. Viko kichwani kwangu. Yule mama ni wa kutusaidia sisi kuandika, waitu. Tunasema *naye*, hatumsemi *yeye*. Ukimweka ndani ya maneno, wenzake wote watatulia wakisema: ahaa, anasemwa fulani. Ukimwacha nje ukazungumza naye, kila mmoja atajiona ni yeye."

Nilitikisa kichwa kama nimeelewa.

Tukaenda Muleba kwanza. Sitasahau ule ukimya. Aliposema "ufunguo huo ni wako," watu walikuwa wengi lakini ulisikia jenereta peke yake. Halafu kwenye giza sauti ya mwanamke ikasema kwa Kihaya, taratibu, kama anajiambia mwenyewe: "Wangu." Asubuhi yake masanduku niliyopeleka yaliisha kabla jua halijawa kali. Walikuja wanawake wawili wawili, fedha imefungwa kwenye pindo la khanga, na swali lao lilikuwa moja: funguo ziko ngapi? Nikisema mmoja, wanatoa.

Mimi nilijua ni akili yangu. Nani aliyemtoa yule mama kichwani? Padri aliyeshindwa au mimi? Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimwambia mwenye gari kwamba mtangazaji anasoma vizuri, lakini chakula nimempa mimi, na amekila nusu.

Zamu ya Kaagya ilipofika niliomba kipaza sauti. Kwetu, kwa watu wangu, nisimame pembeni kama mgeni? Mtangazaji akakataa. Mwenye gari akasema mwenye fedha akitaka kusema na aseme. Mtangazaji akanikabidhi kipaza sauti na karatasi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Yaliyoandikwa tu, waitu. Nakuomba."

Uwanja ulijaa. Ndugu, marafiki, watu waliowahi kuniita mchukuzi. Dada alikuwa amekaa mbele na binti yake na wadogo. Shemeji alikuwa nyuma na wanaume wenzake na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Gurudumu la kwanza likaisha, ua langu jekundu likawaka kwenye shuka. Nikasoma ya kwenye karatasi. Ukimya ukaja, uleule wa Muleba, na ulikuwa mtamu kuliko rubisi. Nikaona bado gurudumu la pili halijafungwa. Nikaona nina nafasi.

"Namjua mama mmoja hapahapa," nikasema. "Ana watoto watano. Khanga yake ya bluu imeungua moto akaishona kiraka cheupe. Maskini, senti zake za njugu anazificha ndani ya chungu cha mbegu, kwa kuwa hana sanduku! Mama kama huyu si anahitaji ufunguo?"

Watu wakacheka. Nikafurahi. Halafu kicheko kikabadilika. Mlevi mmoja upande wa wanaume akapaza sauti:

"Wewe fundi! Jiko la nani umewahi kuingia hapa Kaagya ukaona chungu?"

Na mwingine: "Ana jiko moja tu huyu!"

Nasema hakuna cha kunishangaza, lakini vile vichwa vilivyogeuka, uwanja mzima, kama majani ya mgomba upepo ukibadilika, vikamtazama mtu mmoja mbele kwenye nyasi. Alikuwa amevaa khanga ya bluu. Mwanga wa projekta ulikuwa unamwangukia begani, na kiraka kilikuwa begani. Hakufunika. Alikaa akitazama shuka kama vile picha bado zinacheza. Nyuma nikasikia watu wakimtania shemeji, wakimwita hivyohivyo kwa Kihaya, "Mulamu, kumbe nyumbani kwako una benki!" na "Tununulie rubisi basi, tajiri wa njugu!" Shemeji akasimama, akapangusa nyasi kwenye kanzu, akaelekea kwake. Filamu ikaanza, mtu mnene akaanguka kwenye ndoo ya maji, watoto wakacheka.

Mtangazaji akachukua kipaza sauti mkononi mwangu. "Nilikwambia tunasema naye," akasema. Hakusema jingine, na sikumsamehe kwa kuwa hakusema jingine.

Kesho yake Kaagya niliuza masanduku mawili. Wanawake walipita mbali. Nani atanunua sanduku mbele ya watu, kila mwanamume ajue ana cha kuficha? Hata hivyo sikuhangaikia hilo. Nilikuwa nasubiri dada aje anitukane ili nimwombe radhi kwa nguo nzuri. Hakuja. Nikarudi Bukoba.

Alikuja yeye Bukoba, siku ya pili yake, kwa miguu, na mzigo kichwani umefungwa kwenye ile khanga ya bluu. Alikaa kwenye sanduku mlangoni mwa karakana, mafundi wakaacha kugonga.

"Alikipiga chungu kwa mpini wa jembe," akasema. "Akaokota senti, akaniachia mbegu. Akasema zilikuwa zake, maana mimi ni wake. Amekwenda kununulia watu rubisi, wasimcheke."

"Mtoto?"

"Mtoto anaokota njugu sakafuni."

Nikaingia ndani nikatoa sanduku zuri kuliko yote, rangi ilikuwa bado inanukia, nikaliweka mbele yake, na ufunguo juu yake. Nilidhani nafanya jambo kubwa. Aliugusa ule ufunguo kwa kidole kimoja, akausukuma kurudi kwangu.

"Mwana wa mama," akasema, "nilikuwa na sanduku. Kufuli lake lilikuwa mdomo wako."

Shemeji alimfuata baada ya wiki moja na wazee wawili. Sikumkaribisha kama mbwa, nilimkaribisha kama mtu. Akasema hana ugomvi, mke arudi tu. Nikamwambia nitarudisha fedha ya njugu yote, na ada ya mtoto nitailipa mimi mpaka aishie huko shule zinakoishia. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Fedha yako, mulamu, iingie nyumbani kwangu? Mara ya pili watu wanicheke? Huyo binti atakaa nyumbani alee wadogo zake, kwa kuwa mama yao amekuja kujifunza mjini."

Wazee wakamgeukia dada. Wakamwuliza kwa upole, kama inavyotakiwa, kama atarudi. Akasema hapana. Wakamwuliza tena, wakamkumbusha watoto ni wa baba. Mimi nilikuwa namtazama mdomo, naomba moyoni aseme ndiyo, nimsindikize na mbuzi na rubisi, mambo yaishe. Akasema, "Nikirudi, kila nikiinama kwenye chungu atakuwa nyuma yangu. Hapana."

Mke akikataa kurudi, mahari inarudi. Hiyo ni desturi yetu, na mahakama ya mwanzo iliisimamia kama wazee. Baba hayupo, mrithi ni mimi. Hakimu akauliza kama mahari ilitumika. Nikasema ilitumika. Akauliza ilinunua nini. Nikamwonyesha mikono yangu, akadhani namfanyia jeuri.

Masanduku yaliyobaki yaliisha, kama unataka kujua. Mtangazaji alikwenda nayo Muleba tena na vijiji vya kandokando, na karatasi ileile, bila mimi, na hayakurudi. Wapo wanawake wazee huko mpaka leo wana sanduku la kijani lenye ua, na ufunguo wameufunga kwenye uzi shingoni pamoja na rozari. Naambiwa mmoja alilisomeshea mtoto mpaka akawa mwalimu. Nikiambiwa hivyo natoka nje.

Dada aliishi kwangu Miembeni. Alinipikia, aliniheshimu mbele ya wageni, hakuniambia tena neno lolote la siri. Binti yake aliolewa akiwa bado mdogo. Alikuja mara moja kunisalimia na mtoto mgongoni, akiwa amevaa khanga ya mama yake, kiraka na vyote. Nilimwuliza anahitaji nini. Akasema, "Hakuna, mjomba," akatazama masanduku, akaondoka.

Mahari niliilipa siku moja, pale mahakamani, sikuomba hata kugawa kwa mafungu, watu wakanisifu kwa hilo. Nilimhesabia shemeji kwenye kiganja, noti juu ya noti, mpaka ikatimia ileile aliyompa baba: shilingi mia nne na sitini, bei ya mkasi wa bati, nyundo mbili na vifaa vya kulehemu.